“Comprises of” na “consists from”: kineno hiki kinatoka wapi?

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu muhtasi katika taasisi moja hapa Morogoro, na barua pepe zetu nyingi naziandika kwa Kiingereza. Wiki iliyopita mkurugenzi aliichapa mojawapo akanirudishia, amezungushia “comprises of”, “consists from” na “discussed about” kwa kalamu nyekundu, bila maelezo yoyote. Kompyuta haikuonyesha kosa hata moja. Nitajuaje kitenzi kipi kinataka kineno mbele yake na kipi hakitaki? Kukariri nimejaribu, nimeshindwa.*

Marahaba. Kukariri kumekushinda kwa sababu orodha ya vitenzi hivi haina mwisho. Vyanzo vya makosa yenyewe, lakini, havizidi vitatu, na kimoja unacho kinywani kutwa nzima, nacho ni Kiswahili chako. Ukivijua hivyo, utaweza kulishuku kosa hata kwenye kitenzi ambacho hujawahi kufundishwa.

Kuhusu kompyuta, huenda ilikuwa inakagua tahajia tu. Kikagua tahajia hutazama neno moja moja. “Comprises” imeandikwa sawa, “of” imeandikwa sawa, basi hupita zote mbili. Kosa lako limo katika kukaa kwao pamoja.

Tuanze na “comprise” na “consist”, maana hivyo viwili vinakoseshana. Kiswahili nacho kina njia mbili za kueleza kitu na sehemu zake. Unaweza kusema “Kamati inajumuisha wajumbe tisa”, au ukasema “Kamati inaundwa na wajumbe tisa”. Katika sentensi ya kwanza kamati ndiyo mtendaji, imewakusanya wajumbe wake, nao wanakifuata kitenzi moja kwa moja. Hujawahi kusema “inajumuisha na wajumbe tisa”, na mtu akisema hivyo utahisi ameteleza. Katika sentensi ya pili ile “na” haiondoki. Ukiiondoa, “inaundwa wajumbe tisa”, sentensi inavunjika.

“Comprise” ni ndugu wa “inajumuisha”. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kushika au kukamata kwa pamoja, lililopita Kifaransa kabla ya kuingia Kiingereza. Kinachoshika hushika kitu, na kitu hicho hukaa palepale mbele ya kitenzi: “The committee comprises nine members.” Hakuna nafasi ya “of” hapo. “Consist” ni ndugu wa “inaundwa na”. Nayo ni ya Kilatini, kutoka neno la kusimama pamoja, na kitu kinachosimama hakishiki chochote mkononi. Ndiyo maana inahitaji kineno cha kuiunganisha na wajumbe, na kineno hicho ni “of”: “The committee consists of nine members.”

Basi “of” ya “comprises of” imetoka wapi? Imetoka kwa majirani. “Consists of”, “is composed of”, “is made up of”: zote tatu zinaeleza jambo lilelile la kitu na sehemu zake, na zote zina “of”. “Comprise” imekaa katikati yao bila “of”, na mkono wa mwandishi unaijazia bila yeye kujua. Hata wazawa wa Kiingereza hukosea hapa, kwa hiyo usidhani ni ugonjwa wetu peke yetu.

Kipimo cha “comprise” ni rahisi. Iondoe, weka “include” mahali pake. “The committee includes of nine members”? Sikio lako linakataa mara moja, kwa sababu “include” umeizoea na hujawahi kuiwekea kitu. Kisarufi vitenzi hivi viwili vinatembea sawasawa, kwa hiyo kama “of” haiwezi kukaa baada ya “include”, haiwezi kukaa baada ya “comprise”.

Ila ukishapima, irudishe “comprise” yako. Usiiache “include” pale kwa kuona ni nyepesi, kwa sababu maana zao hazilingani, na hapa Kiswahili chetu hakitusaidii sana: “inajumuisha” tunaitumia kwa zote mbili. “Comprises” hutaja sehemu zote hadi ya mwisho. “Includes” hutaja baadhi, na kuacha mlango wazi kwa nyingine. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa tangazo la zabuni nilihariri, kazi ya kuweka pampu ya maji. Mwandishi alikuwa ameandika kwamba vifaa “comprises of a pump, pipes and a tank”. Niliifuta “of”, na nilipokuwa naifuta nikajiuliza: nyaya za umeme je, na swichi? Nikampigia simu mwenye tangazo. Kumbe zilitakiwa pia, yeye alikuwa anatoa mifano tu. Alichotaka kusema ni “include”. Kama ningesahihisha kineno peke yake, tangazo lingetoka na Kiingereza safi na ahadi isiyo sahihi, na mzabuni angekuwa na haki ya kuleta pampu, mabomba na tangi, basi. Kwa hiyo kila unapoikuta “comprises of” katika barua yako, jiulize kwanza kama orodha inayofuata imekamilika.

Jambo jingine juu ya “consist”, kisha tuiache. Kwa kuwa “inaundwa” yetu iko katika kauli ya kutendwa, wengi wetu hutafsiri hadi hiyo kauli na kuandika “is consisted of”. “Consist” haina kutendwa kabisa. Ni kamati yenyewe “consists”, hakuna aliyeifanya. Ukitaka kutendwa, chukua “is composed of” au “is made up of”.

Sasa “consists from”. Hii ina chimbuko lake. Mara nyingi mwandishi anakuwa ameacha kufikiria sehemu, anafikiria malighafi: kitu kimetokana na nini, kimetengenezwa kutoka kwenye nini. Hiyo “kutoka” ndiyo inayozaa “from”. Kiingereza kinatenga mambo haya. Vyumba vitatu ni sehemu za jengo, kwa hiyo jengo “consists of three rooms”. Tofali ni malighafi, na bado unaliona ukutani, kwa hiyo jengo “is made of blocks”. Lakini malighafi ikibadilika hadi usiitambue tena, kama mti uliogeuka karatasi au zabibu zilizogeuka mvinyo, hapo ndipo “from” inapopata nafasi yake halali: “Paper is made from wood.” Kwa hiyo unapoikuta “consists from” usikimbilie tu kubadili “from” kuwa “of”. Tazama kinachofuata. Ikiwa ni sehemu, badilisha kineno. Ikiwa ni malighafi, badilisha kitenzi kizima.

Nimesema Kiswahili ni chanzo kimojawapo, na hapa nataka tukae kidogo. Vitenzi vyetu vina desturi ya kumeza vihusishi. Kile ambacho Mwingereza anakisema kwa neno la pembeni, sisi tunakisema kwa silabi moja ndani ya kitenzi. Andika, andikia. Leta, letea. Hama, hamia. Hiyo “i” au “e” ya kauli ya kutendea ndiyo “for” yetu, ndiyo “to” yetu. Na haichezewi: anayesema “amehama Morogoro” na anayesema “amehamia Morogoro” wanatoa habari mbili zinazopingana, na tofauti ni irabu moja.

Kwa hiyo tunapoingia Kiingereza tunakosea kwa pande mbili. Upande wa kwanza, tunaacha kineno kinachohitajika, kwa kuwa kwetu kimeshaingia ndani ya kitenzi au kwa kuwa kitenzi chetu kinambeba mtu kwa kiambishi. “Nifafanulie utaratibu” inazaa “explain me the procedure”, wakati “explain” haiwezi kumpokea mtu bila “to”: “explain the procedure to me.” “Nijibu” inazaa “reply me”, badala ya “reply to me”. “Tunangojea jibu lako” inazaa “we are waiting your reply”, kwa sababu ndani ya “ngojea” kile kineno kimo tayari, ila Mwingereza hakisikii.

Upande wa pili, tunaongeza kineno pasipotakiwa, kwa kuwa kitenzi chetu kinacho waziwazi. Mfano mzuri kuliko yote ni “wasiliana”. Vitenzi vyetu vya kutendana hudai “na”: wasiliana na, kutana na, shirikiana na. Mtu anataka kuandika “wasiliana na mhasibu wetu”, na mkono unaandika “contact with our accountant”. Lakini “contact” kama kitenzi humshika mtu moja kwa moja, kama “mpigie”. “Contact our accountant”, imetosha.

“Await” na “wait” zinaleta pande zote mbili kwa pamoja. “Wait” inataka “for”, na “await” haiitaki. Mwandishi anazikumbuka zote mbili nusunusu, kisha anazichanganya: “awaiting for your reply”. Chagua moja. “Awaiting your reply” ni rasmi zaidi, “waiting for your reply” ni ya kawaida.

Chanzo cha tatu, baada ya majirani na Kiswahili, ndicho kinachozaa makosa mengi kuliko vyote katika barua za ofisini, nacho kiko ndani ya Kiingereza chenyewe. Kiingereza kina maneno mengi ambayo ni nomino na kitenzi kwa wakati mmoja, au yana nomino iliyo karibu sana na kitenzi, na mara nyingi nomino ina kineno chake huku kitenzi hakina. Nomino “discussion” inakaa na “about” au “on”. Kitenzi “discuss” kinakaa peke yake. Nomino “request” inataka “for”. Kitenzi “request” hakitaki. “Emphasis on”, lakini “emphasise” tupu. Hata ile “contact with” ni sahihi kabisa ikiwa nomino: “We are in contact with the accountant.” Kwa hiyo kila mara unapoandika “discussed about the budget”, ile “about” haikutoka hewani. Umeisikia mahali halali, katika “a discussion about the budget”, ikavuka ikaingia kwenye kitenzi. Maneno haya husikika yamezoeleka, na kwa kweli yamezoeleka. Yamekaa tu upande usio wake.

Namna ya kutambua ni kutazama kushoto kwa neno. Ukikuta “a”, “the”, “my” au “our”, ujue hiyo ni nomino na kineno chake kinaweza kubaki: “our request for funds.” Ukikuta “I”, “we”, “to”, au “am” na “are” zikifuatwa na umbo lenye “-ing”, hicho ni kitenzi na kineno kitoke: “we request funds”, “I am requesting funds”. Ukiwa bado na shaka, igeuze sentensi iwe ya kutendwa uone kama kuna kitu kinabaki kinaning’inia. “The budget was discussed” imekamilika kama “bajeti ilijadiliwa” ilivyokamilika. “The budget was discussed about” ina mkia usio na kazi. Kipimo hiki kinafanya kazi kwa “discuss”, “request”, “emphasise” na “contact”. Kwa “comprise” usikitumie, kwa sababu kutendwa kwake kuna mgogoro ambao nitaufikia. Huko tumia kile cha “include”.

Tuchukue barua moja tuitazame kwa karibu. Nimeitunga mwenyewe, ila kila kosa lililomo nimelikuta mara nyingi katika barua za watu wenye kazi zao na shahada zao:

> *Dear Sir, We met on Tuesday and discussed about the new store. The building comprises of three rooms and consists from blocks and iron sheets. The engineer emphasised on drainage. I am requesting for your approval. Kindly explain me the payment procedure and contact with our accountant. Awaiting for your reply.*

Sentensi ya kwanza ni kitenzi kilichoazima kineno cha nomino. Futa “about”. Sentensi ya pili ina mawili. Vyumba vitatu: je, jengo lina vyumba hivyo tu? Tuseme ndiyo, basi “comprises three rooms” inasimama. Kama kuna veranda na choo ambavyo hukuvitaja, andika “includes”. Halafu tofali na mabati ni malighafi, kwa hiyo “consists” yenyewe inaondoka, inaingia “is built of”, au “is made of”. Mhandisi “emphasised drainage”, bila “on”. Ukiona sentensi hiyo imekuwa fupi mno masikioni, unaweza kuirudisha “on” kwa njia halali kwa kutumia nomino: “The engineer put emphasis on drainage.” “I am requesting your approval.” Kisha pale pa “explain” hatufuti, tunaongeza, na tunahamisha: “explain the payment procedure to me”. Halafu “contact our accountant”, na mwisho “Awaiting your reply”. Barua inakuwa hivi:

> *Dear Sir, We met on Tuesday and discussed the new store. The building comprises three rooms and is built of blocks with an iron-sheet roof. The engineer emphasised drainage. I am requesting your approval. Kindly explain the payment procedure to me and contact our accountant. Awaiting your reply.*

Vineno vilivyofutwa bila badala ni sita, kilichoongezwa ni kimoja. Ndivyo inavyokuwa katika barua nyingi ninazosahihisha. Tunaongeza zaidi ya tunavyoacha, hasa tunapoandika kwa heshima, kwa sababu sentensi ndefu inaonekana ina adabu zaidi. Kwa hiyo ukiwa na haraka na huna wa kumuuliza, shuku kwanza kineno ulichokiongeza.

Lakini usije ukaanza kufyeka kila kineno. Kuna vitenzi ambavyo vipo kwa namna zote mbili, na kila namna ina maana yake, kama hama na hamia. Hivi ndivyo vinavyonitia wasiwasi kuliko “comprises of”, kwa sababu hapa msomaji anaelewa, ila anaelewa jambo jingine. “The director approved the budget” maana yake ameidhinisha, fedha zinaweza kutoka. “The director approved of the budget” maana yake ameiona nzuri, imempendeza, na bado huenda hajaweka sahihi. “The police searched the office” ni kupekua ofisi. “Searched for the office” ni kuitafuta, hawajui iko wapi. “I attended the meeting” ni kuhudhuria. “I attended to the visitor” ni kumhudumia. Na angalia hii, maana inajitokeza sana katika barua: “I will answer your email” ni kujibu, lakini “to answer to someone” ni kuwajibika kwake. Ukiandika “I answer to Mr. So-and-so” umesema huyo ni bosi wako. Nomino, kwa kweli, ni “an answer to your question”, na unaona tena jinsi kineno cha nomino kinavyotaka kuvuka.

Kwa vitenzi nisivyovitaja, fungua kamusi iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza. Oxford na Longman zote mbili wanazo, na ziko bure mtandaoni. Kamusi ya kawaida inakupa maana, hizi zinakupa pia mazingira ya kitenzi. Ukitafuta “consist” utakuta imeandikwa “consist of” pamoja. Ukitafuta “discuss” utakuta “discuss something with somebody”: jambo halina kineno, mtu ana “with”. Ile ya Oxford inaonya waziwazi kwamba husemi “discuss about”. Karibu na kitenzi utaona neno “transitive” au “intransitive”. La kwanza ni kitenzi elekezi, kinapokea shamirisho bila msaada. La pili ni kitenzi kisicho elekezi, na huyo ndiye anayehitaji kineno ili afike kwenye kitu. Soma mfano mmoja wa sentensi, unakili umbo lake, funga kamusi.

Usipime kwa kutafuta maneno kwenye intaneti na kuhesabu matokeo. Ukiandika “discuss about” utaletewa kurasa nyingi sana, nyingine za watu waliokosea, nyingine za walimu wanaokanya kosa hilo, nyingine zenye nukta au mkato katikati ya maneno mawili. Wingi wake hauna maana yoyote kwako.

Katika kazi ya kila siku, mimi nakushauri ufanye hivi kabla ya kutuma barua ndefu au ripoti. Bonyeza `Ctrl+F` na utafute mashina, usitafute maneno mazima, ili upate maumbo yote kwa mara moja:

```
compris
consist
discuss
request
emphas
contact
await
```

Shina “compris” litakuletea “comprise”, “comprises”, “comprised” na “comprising”. Shina “emphas” litapata tahajia ya Uingereza na ya Marekani. Kila linaposimama, tazama neno moja kulia kuona kineno, na moja kushoto kuona kama ni kitenzi au nomino. Mashina saba kwenye barua ya ukurasa mmoja hayakuchukui hata dakika tatu. Baada ya mwezi orodha yako itatofautiana na hii yangu: utaondoa yale uliyoyazoea na kuongeza yale ambayo mkurugenzi ameyazungushia.

Umebaki ule mgogoro niliouahidi, na ni muhimu kwako kwa sababu utamhusu mkurugenzi wako siku moja. “Comprises of” ni kosa na wahariri karibu wote wamekubaliana. Lakini “is comprised of”, kwa kutendwa, ni habari tofauti. Imetumika kwa muda mrefu, kamusi kubwa zimeiorodhesha, hata hiyo ya Oxford ya wanaojifunza, na watu wengi wasomi huiandika. Wapo wanaoipinga kwa hoja kwamba kizima ndicho kinachojumuisha sehemu, haiwezekani tena kikajumuishwa nazo. Mmarekani mmoja, Bryan Henderson, alipata umaarufu mwaka 2015 vyombo vya habari vilipoandika kwamba alikuwa ameifuta “comprised of” katika makala za Wikipedia ya Kiingereza zaidi ya mara 40,000, moja baada ya nyingine, kwa miaka kadhaa. Wapo pia waliomjibu kwamba anahangaika na kitu kisicho kosa. Mimi katika maandishi yangu siiandiki, kwa sababu “comprises” au “consists of” inafanya kazi hiyohiyo bila kumpa msomaji sababu ya kusimama. Katika maandishi ya mtu mwingine naiacha ilivyo.

“Request for” kama kitenzi nayo ina watetezi wake huku kwetu. Kenya, Tanzania na Uganda utaisikia kila ofisi, na mtu wa huku hatashtuka. Ukimwandikia mwenzako wa idara ya pili haitaharibu kitu. Ukiandika maombi ya fedha kwa mfadhili wa nje, au barua itakayosomwa na mwanasheria, iondoe. Na “advocate for” niliyokuwa nikiifuta zamani nimeacha kuifuta, maana siku hizi imekubalika karibu kila mahali.

Kwa barua yako ile, basi: “discussed about” futa “about” bila kuuliza mtu. “Comprises of” mtafute aliyekupa orodha, muulize kama imekamilika, ndipo uchague kati ya “comprises” na “includes”. “Consists from” tazama kama kinachofuata ni sehemu au malighafi. Na siku utakayokuta mkurugenzi mwenyewe ameandika “is comprised of”, mchapie kama alivyoiandika.